Dampo la Tabata na Somo la Kwanza la Kudhibiti Madaraka ya Serikali

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishitaki Halmashauri ya Jiji lao. Walikuwa wamechoka na moshi. Magari ya taka yalikuwa yakimwaga mzigo wake jirani na makazi yao, taka zikiungua, na harufu pamoja na nzi vikiingia majumbani. Mahakama Kuu iliwapa haki. Iliiamuru Halmashauri iache kumwaga taka pale, na itafute mahali pengine ambapo dampo halitahatarisha afya za watu. Halmashauri ikaomba iongezewe muda. Muda ulipokwisha, magari yalikuwa bado yanakuja Tabata, na Halmashauri ikarudi tena mahakamani kuomba muda mwingine.

Mtu akinipa saa mbili nimfundishe raia wa kawaida jinsi serikali inavyozuiwa isivuke mipaka yake, nitaanza na dampo hili. Wengi huanza na mihimili mitatu ya dola ikiwa imechorwa ubaoni, Serikali, Bunge na Mahakama, kama zilivyotajwa katika Ibara ya 4 ya Katiba ya Tanzania. Mchoro huo hauna kosa, lakini msikilizaji huondoka akijua majina ya mihimili bila kujua afanye nini barua ya manispaa inapobandikwa mlangoni kwake. Nimeandika hapa mpango wa kipindi hicho cha kwanza kama ambavyo ningekifundisha, ili msomaji aweze kukipitia mwenyewe nyumbani.

Malengo ya kipindi

Lengo langu kubwa ni moja. Nataka msikilizaji akitoka aweze kuutazama uamuzi wowote wa chombo cha umma na kuuliza maswali matatu. Sheria gani imekupa uwezo wa kufanya hivi? Je, umefuata utaratibu uliowekwa, pamoja na kumsikiliza anayeumizwa na uamuzi wako? Na je, uamuzi wenyewe ni ule ambao mtu mwenye akili timamu, akiwa na sheria ile mkononi, angeweza kuufikia?

Lengo la pili ni kuzijua amri tatu ambazo Mahakama Kuu inaweza kuzitoa dhidi ya chombo cha umma, na kujua ipi inafaa wapi. La tatu ni kuhesabu siku, kwa sababu watu wengi wenye haki hupoteza kesi zao kwenye kalenda. Na la nne, ambalo walimu wengi hulipitia haraka, ni kuelewa mahali ambapo uwezo wa mahakama unafikia kikomo. Kesi za dampo zinayabeba yote manne.

Kesi yenyewe

Turudi Tabata. Shauri la wakazi lilikuwa la madai ya kawaida. Walisema dampo ni kero inayoharibu maisha yao, na mahakama ikakubali. Lakini jambo la kukumbukwa zaidi lilitokea mwaka 1991, Halmashauri ilipoomba kuongezewa muda wa kuendelea kutumia eneo lile. Ombi lilifika mbele ya Jaji Lugakingira. Huyu ndiye ambaye baadaye aliamua kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila kuhusu mgombea binafsi, na ukisoma hukumu zake unaona mtu aliyeichukulia Katiba kuwa sheria ya kutumika mahakamani.

Jaji alilikataa ombi. Alishangazwa na mamlaka ya umma kuja mbele ya mahakama kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuyaweka maisha ya watu hatarini. Aliishika Ibara ya 14 ya Katiba, inayompa kila mtu haki ya kuishi na ya kupata hifadhi ya maisha yake kutoka kwa jamii. Maana yake kwa Halmashauri ilikuwa wazi. Kukosa eneo jingine ni tatizo la kweli, lakini tatizo hilo haliipi mamlaka ya kuhatarisha uhai wa wananchi iliowekwa iwahudumie.

Hapa lazima nitoe tarehe moja, maana bila hiyo msikilizaji hataona upya wa jambo hili. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba ya Tanzania mwaka 1984, lakini serikali ilipewa miaka mitatu ya kurekebisha sheria zake kabla raia hajaweza kuzidai mahakamani. Muda huo uliisha Machi 1988. Kwa hiyo wakati watu wa Tabata wanadai hewa safi, mlango wenyewe ulikuwa ndio kwanza umefunguliwa, na majaji walikuwa bado wanapima namna ya kuupita.

Halmashauri ilipoondoka Tabata, ilipeleka taka Kunduchi Mtongani. Moshi uleule, harufu ileile, nzi walewale, ila majirani wapya. Mwaka 1991 wakazi zaidi ya 700 wa Kunduchi Mtongani nao wakaenda Mahakama Kuu. Hawakufungua shauri la madai kama wenzao wa Tabata. Waliomba mahakama iupitie uamuzi wa Halmashauri na kutoa amri tatu kwa pamoja: iufute uamuzi wa kumwaga taka pale, iizuie Halmashauri isiendelee, na iilazimishe kutafuta na kuandaa dampo linalofaa.

Jaji Rubama alitoa zote tatu. Sababu zake ndizo kiini cha kipindi hiki, na ningezitumia dakika nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote. Jiji lilikuwa na Mpango Kabambe, yaani ramani rasmi inayosema eneo gani ni la viwanda, lipi la makazi, lipi la wazi. Katika mpango huo Kunduchi Mtongani lilikuwa eneo la makazi. Halmashauri haikuwa na uwezo wa kuligeuza dampo kwa kuagiza tu magari yaelekee huko. Isitoshe, sheria iliyoiunda Halmashauri, Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982, iliipa wajibu wa kulinda afya za wakazi wa mji. Chombo kilichopewa kazi ya kulinda afya kilikuwa kinaidhuru, na kilifanya hivyo kwenye eneo lisilotengwa kwa kazi hiyo.

Angalia jambo ambalo jaji hakulihitaji. Hakuhitaji kusema kwamba wakuu wa Halmashauri ni watu wabaya, wala kwamba walipokea rushwa, wala kwamba walitaka kuwaumiza watu wa Kunduchi. Pengine walikuwa wamebanwa kwelikweli, wana taka za mji mzima na amri ya mahakama inayowafukuza Tabata. Nia njema haimpi mtu mamlaka ambayo sheria haikumpa. Wasikilizaji wengi hukwama hapa, kwa sababu tumezoea kuipima serikali kwa nia na kwa matokeo. Mahakama huanza na swali la mpaka: uko ndani ya uwezo wako au uko nje?

Maneno ya kushika

*Mapitio ya mahakama* ni kazi ya Mahakama Kuu ya kuchunguza namna chombo cha umma kilivyofikia uamuzi wake. Yako mbali na rufaa. Kwenye rufaa jaji anaweza kusema uamuzi ule haukuwa sahihi na kuweka wa kwake. Kwenye mapitio anachunguza uhalali. Akikuta kasoro, anaufuta uamuzi na kuurudisha kwa mwenye kazi, aamue upya kwa kufuata sheria.

*Kuvuka mamlaka* ni kutenda nje ya uwezo uliopewa na sheria. Halmashauri kumwaga taka katika eneo la makazi ni mfano wake. Kutumia uwezo halali kwa kusudi ambalo sheria haikulikusudia nako kunaingia hapa.

*Haki ya kusikilizwa* ni kanuni kwamba mtu asihukumiwe au kunyang'anywa kitu kabla hajaambiwa tuhuma na kupewa nafasi ya kujibu, na anayeamua asiwe na maslahi katika jambo lenyewe. Katiba imeiweka katika Ibara ya 13(6). Kesi nyingi za raia dhidi ya ofisi za umma husimama juu ya kanuni hii, kwa sababu ofisi huwa na haraka na huona kumwita mtu ni kupoteza muda.

*Uamuzi usio na mantiki* ni ule ambao hakuna mwenye mamlaka ya namna ile angeuchukua kama angefikiri sawasawa. Kiwango chake ni cha juu sana. Uamuzi usiopendeza, au ambao wewe usingeufanya, haufiki hapo.

Kisha amri zenyewe. Mawakili huziita kwa majina ya Kilatini, ila kazi zake zinaelezeka. *Amri ya kufuta* huondoa uamuzi uliokwisha kutolewa. *Amri ya kuzuia* husimamisha jambo linaloendelea au linalokuja. *Amri ya kulazimisha* humwagiza mtumishi wa umma atimize wajibu ambao sheria imemwekea na ambao ameukwepa. Kunduchi Mtongani ni kesi nzuri ya kufundishia kwa sababu amri zote tatu zilihitajika na kila moja ilikuwa na kazi yake. Kama jaji angefuta uamuzi peke yake, Halmashauri ingeweza kukaa kikao kesho yake na kutoa mwingine unaofanana nao. Kama angezuia peke yake, taka zingetafuta kitongoji kingine bila mtu yeyote kuwajibika kuandaa dampo.

Njia ya kwenda mahakamani, na kalenda yake

Leo utaratibu wa Tanzania Bara unaongozwa na kanuni za mwaka 2014. Una hatua mbili, na asiyejua kwamba ni mbili huanguka mapema.

Hatua ya kwanza ni kuomba kibali. Mwombaji hapeleki kesi yake yote. Anamwomba jaji amruhusu kuileta. Anawasilisha maelezo ya yeye ni nani, anaomba nini na kwa sababu zipi, pamoja na hati ya kiapo yenye ukweli wa mambo. Ombi hili lazima lifike ndani ya miezi 6 tangu uamuzi ulalamikiwe utolewe. Jaji anatazama mambo machache: je, mwombaji anaguswa na uamuzi? Je, yuko ndani ya muda? Je, kuna hoja ya kujadiliwa? Na je, kuna njia nyingine ya kisheria, kama rufaa kwa Waziri, ambayo alipaswa kuipitia kwanza?

Hatua ya pili huanza kibali kikitolewa. Hapo mwombaji ana siku 14 tu za kufungua maombi yenyewe. Wanaopoteza kesi katika hatua hii huumiza moyo kuliko wengine, kwa sababu walishavuka kizingiti kigumu, wakadhani wana miezi mingine mbele yao.

Kosa jingine liko kwenye hati ya kiapo. Watu huandika humo hasira, hoja za kisheria na maneno waliyosimuliwa. Hati ya kiapo ni mahali pa mambo uliyoyaona na kuyajua mwenyewe. Mkazi wa Kunduchi anaweza kuapa kwamba anaishi pale, kwamba magari ya taka huja, kwamba moshi huingia ndani na watoto hukohoa. Kwamba Halmashauri imevunja Mpango Kabambe ni hoja, na mahali pake ni kwenye maelezo na mdomoni mwa wakili. Nakala ya uamuzi unaolalamikiwa nayo iambatanishwe, maana mahakama haiwezi kufuta barua ambayo haijaiona.

Anayetaka fidia ya pesa afahamu kwamba amri hizi tatu hazina fidia ndani yake. Hiyo hudaiwa kwa shauri la madai, na huko serikali hupewa kwanza notisi ya siku 90. Zamani mambo yalikuwa magumu zaidi, kwani aliyetaka kuishitaki Serikali Kuu alihitaji ridhaa ya serikali hiyohiyo. Mwaka 1993 Mahakama ya Rufani ilisema sharti hilo linapingana na Katiba. Nalitaja kwa sababu vijana wengi hudhani haki ya kuishitaki serikali imekuwapo siku zote.

Swali ambalo huulizwa kila mara

Ukifundisha kesi hizi, kuna mkono unaonyooshwa. "Mwalimu, kwa nini jaji hakusema tu dampo liwe wapi?"

Ni swali la haki kabisa, na jibu lake si la kufurahisha. Jaji hana wahandisi wala wapima ardhi. Hana bajeti ya kununua magari au kulipa fidia kwa watakaohamishwa. Wananchi hawakumchagua apange mji, na akikosea hakuna wa kumwondoa kwa kura. Akianza kuchora madampo, naye atakuwa amevuka mamlaka yake. Kwa hiyo humwambia mwenye kazi: fanya kazi yako, ndani ya mistari hii.

Gharama ya mpaka huo ilionekana. Baada ya Kunduchi, taka za jiji zilielekea Vingunguti, na Vingunguti nako kulikuwa na makazi ya watu. Baadaye dampo likahamia Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi. Nikitazama mfululizo huo naona mambo mawili yasiyofutana. Wakazi wa Tabata na wa Kunduchi walishinda kweli: magari yaliondoka, moshi ukaisha, na neno la mahakama likasimama dhidi ya chombo chenye nguvu. Lakini mzigo ulihama kuelekea kwa watu ambao walikuwa bado hawajafika mahakamani. Amri ya kufuta na ya kuzuia hutekelezeka siku ileile dereva anapoambiwa ageuze gari. Amri ya kulazimisha inahitaji fedha, ardhi, vikao na mkuu anayeona aibu kuidharau mahakama. Mwalimu anayeficha jambo hili anawadanganya wanafunzi wake, na watakuja kuligundua wenyewe siku ambayo watakuwa na hukumu mkononi na dampo dirishani.

Ndiyo maana ningewaambia wasikilizaji wasiweke tegemeo lote mahakamani. Baraza la madiwani linaweza kuulizwa bajeti ya dampo iko wapi. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anakagua fedha za halmashauri, na ripoti yake husomwa hadharani. Bunge lina kamati ya hesabu za serikali za mitaa. Hao ndio wanaoweza kugusa pesa, jambo ambalo jaji hawezi. Ila kila kimoja kati ya hivyo kinastahili kipindi chake.

Chemsha bongo

Jibu kwanza, kisha soma maelezo.

*Manispaa imefuta leseni ya mgahawa wa mama mmoja bila kumwita wala kumwandikia. Jaji akifika kwenye faili anaona kweli mgahawa ulikuwa mchafu. Anaweza kuufuta uamuzi?* Anaweza. Haki ya kusikilizwa haitegemei kama mtu ana jibu zuri au hana. Manispaa itamwita, itamsikiliza, na inaweza kabisa kufikia uamuzi uleule, safari hii kwa njia halali.

*Wakazi wa mtaa wanataka amri ya kulazimisha halmashauri iweke lami kwao kabla ya mtaa jirani. Watafanikiwa?* Ni vigumu sana. Barabara ipi ianze ni chaguo ambalo sheria imeliachia halmashauri. Mahakama hulazimisha wajibu ulio wazi, na hapa hakuna sheria inayosema mtaa wao uwe wa kwanza. Hali ingekuwa nyingine kama halmashauri ingekataa hata kulipokea ombi lao.

*Uamuzi ulitolewa 10 Januari. Kibali kikatolewa 3 Machi. Mwombaji akafungua maombi 2 Aprili, akisema bado yuko ndani ya miezi 6. Yuko salama?* Hapana. Miezi 6 ilikuwa ya kuomba kibali. Baada ya 3 Machi saa mpya ilianza kuhesabu, na siku zake 14 ziliisha 17 Machi.

*Mwenye nyumba amempa mpangaji wake siku mbili ahame. Je, mpangaji aombe mapitio ya mahakama?* La. Mwenye nyumba ni mtu binafsi na hatumii madaraka ya umma. Mpangaji ana haki zake, lakini atazidai kwa sheria ya mikataba na kwa shauri la kawaida. Angekuwa amepangishwa nyumba na chombo cha umma, ingebidi kuangalia kwanza kama chombo kile kilitenda kama mwenye nyumba tu au kilitumia uwezo kilichopewa na sheria.

*Sheria inayohusika inasema anayenyimwa leseni anaweza kukata rufaa kwa Waziri. Mfanyabiashara ameiruka rufaa hiyo na kwenda moja kwa moja Mahakama Kuu, kwa sababu hamwamini Waziri. Atapata kibali?* Kwa kawaida atakataliwa na kuambiwa aanze kule. Kutomwamini hakutoshi. Anayeona rufaa ile haina maana katika hali yake, kwa mfano kwa sababu Waziri huyohuyo ndiye aliyeagiza leseni izuiwe, alieleze hilo kwa ushahidi katika hati ya kiapo, na aiangalie miezi 6 yake wakati akingoja majibu, kwa sababu asipokuwa mwangalifu inaweza kumwishia njiani.